Niliomba Asubuhi za Jumanne

Katika ofisi yetu, njia ya haraka ya kupata ruhusa ilikuwa kufiwa. Aliyefiwa na mzazi alipewa juma zima. Aliyefiwa na mjomba alipewa siku ya mazishi, na aliyefiwa na jirani aliambiwa pole akarudi kazini. Ndiyo maana wajomba wa Trans-Nzoia walikufa kwa wingi miaka ile. Dereva wetu mmoja wa lori alimzika shangazi yake Saboti kabla ya Krismasi, kisha akamzika tena Bungoma baada ya Pasaka, na meneja wa wafanyakazi akamuuliza kwa upole kama marehemu alikuwa amehama.

Kampuni yenyewe iliuza pembejeo mjini Kitale: mbegu, mbolea, dawa za wadudu. Si ile kubwa unayoifikiria. Yetu ilikuwa ndogo, na wateja waliijua zaidi kwa simu kuliko kwa sura. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikaa karibu na mlango mbele ya mashine ya kijivu yenye vitufe na taa ndogondogo, na kila mkulima aliyetaka kujua kama mbolea imefika alinipitia mimi kwanza. Mpokea simu hasikilizi mazungumzo ya watu, hiyo ni kanuni. Lakini masikio hayana mlango, na mimi nilijua nani anadaiwa, nani anachumbia, na nani anamwambia mkewe yuko mkutanoni.

Binti yangu wakati huo alikuwa anakaribia miaka mitano. Alizaliwa baada ya uchungu wa muda mrefu, hakulia mara moja, na tulipofika umri ambao watoto wa wenzangu walikuwa wanakaa, yeye shingo ilikuwa bado inamwangukia. Hospitalini wakatuambia ni mtindio wa ubongo. Mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi na miguu ilikaza kama mkasi. Kutembea hakutembea, maneno yalikuwa machache, lakini kicheko alikuwa nacho, tena kikubwa, na alikitoa pale pasipofaa. Alicheka kanisani wakati wa maombi ya toba. Alicheka wakati baba yake alipojigonga kidole kwa nyundo. Mchungaji alisema ni furaha ya Bwana. Mimi niliyemzaa nilijua ni utundu.

Daktari wa viungo aliyekuwa akimwona pale Kitale alihamishwa, na nafasi yake ikakaa wazi miezi mingi. Mwishowe tukasikia kwamba Bungoma kuna mwingine aliyesomea hasa watoto wa aina hii, na kliniki yake ilikuwa Jumanne asubuhi tu. Mara za kwanza nilimtuma mama yangu, aliyekuwa akikaa Matulo, karibu na Webuye. Nilikuwa nampelekea mtoto Jumapili, yeye anampeleka kliniki, nami namchukua wikendi iliyofuata. Nilijiona mjanja sana. Kisha daktari akanitumia ujumbe kwamba anataka kumwona mama wa mtoto, si kukhu wake, yaani nyanya.

Nilienda kwa kutumia siku ya likizo yangu. Alikuwa kijana mwembamba, viatu amevua, anatambaa kwenye mkeka na watoto. Hakunisalimia sana. Alinionyesha namna ya kufungua ngumi ya binti yangu kuanzia kidole gumba bila kuivuta, namna ya kumlaza kifudifudi juu ya blanketi lililoviringishwa ili ainue kichwa mwenyewe, na namna ya kumshika nyonga ili mgongo ujifunze kusimama. Akaniambia nifanye, nikafanya, akasema sivyo. Nikafanya tena.

"Mama," akasema, "mimi namwona mara moja kwa wiki. Wewe unaye kila siku. Ukijua hizi mbinu, ana madaktari wawili. Usipojua, ana nusu ya mmoja."

Akaongeza kwamba mazoezi ya nyumbani yafanywe asubuhi, mtoto akiwa bado hajachoka, bila haraka. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Saa mbili kamili asubuhi nilitakiwa niwe nimesaini kwenye kitabu cha lango, na kutoka nyumbani kwetu Kibomet nilihitaji kuondoka mapema. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Saboti na aliondoka kabla yangu. Mama jirani aliyemlea mtoto mchana alikuwa na moyo mzuri na mgongo mbovu. Hakuna hesabu iliyokubali.

Wenzangu kazini walinipa ushauri wa bure. Mwanamke wa jikoni alisema niugue malaria kila Jumanne, kwani malaria haina ratiba. Dereva wa lori, yule wa shangazi, alijitolea kunifundisha mazishi: usianze na ndugu wa karibu, utawamaliza mapema. Nilifikiria sana. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu. Ilikuwa kwamba meneja wetu, akisikia msiba, alikuwa na tabia ya kuhudhuria. Alivaa koti jeusi, akapanda pikipiki ya kampuni, akaulizia boma. Angekuja kunizikia mjomba pale Matulo akamkuta anapalilia mahindi.

Basi nikaamua kuandika barua na kusema ukweli, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulijaribu katika ofisi ile.

Sikujua kwamba barua ya ukweli ina wazazi wengi. Sekretari wetu, msichana mrembo wa kucha ndefu, ndiye aliyekuwa na kompyuta, kwa hiyo nilimwendea yeye kwanza. Alisema barua ya maombi lazima ianze kwa kumsifu anayeombwa, akaandika aya nzima kuhusu uongozi wa hekima wa meneja. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mtu wa ghala mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, akaisoma akasema hii ni barua ya mtumwa. Yeye alitaka ianze na sheria. Kulikuwa na sheria mpya ya watu wenye ulemavu, naye alitembea na nakala yake mfukoni, akiitaja hata wakati chai imechelewa. Niliiazima nikaisoma usiku mzima. Ilisema mwajiri asimbague mfanyakazi mwenye ulemavu, na shule isimkatae mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Kuhusu saa za kazi za mama wa mtoto huyo haikusema kitu. Nilipomrudishia nikamwambia hivyo, alisema tuiweke tu, labda meneja hataisoma.

Mume wangu naye alisahihisha. Mwalimu akiona karatasi mkono unamwasha. Alinitolea koma tatu, akaniongezea neno "kwa unyenyekevu" mahali pawili. Mchungaji, ambaye hakuombwa, alipendekeza mstari wa Zaburi mwishoni.

Nilikaa na ile barua iliyokuwa na sifa, vitisho, unyenyekevu na Zaburi, nikaisoma kwa sauti mbele ya binti yangu. Alicheka mpaka akapaliwa. Nikaichana.

Niliyoipeleka niliiandika mwenyewe, kwa Kiingereza cha ofisi, ukurasa mmoja. Nikieleza kwa lugha yetu, ilisema hivi: Nina mtoto mwenye mtindio wa ubongo; barua ya daktari wake imeambatanishwa. Naomba mambo mawili. La kwanza, niingie kazini saa tatu badala ya saa mbili, nami nitafanya kazi saa ya chakula cha mchana kufidia. La pili, Jumanne niingie saa nane mchana kwa sababu ya kliniki iliyo Bungoma, na saa hizo nitazilipa Jumamosi asubuhi, ambapo simu inaita na hakuna wa kuishika. Shule zikifungwa, baba wa mtoto atampeleka yeye, nami nitakuwa kazini Jumanne nzima. Miezi ya kupanda, ambapo wakulima wanapiga simu bila kupumua, nitaenda Jumanne moja na kuacha moja. Nikiwa sipo, simu itashikwa na sekretari, ambaye amekubali. Naomba tujaribu mwezi mmoja, tuone.

Kuhusu sekretari kukubali, nieleze kidogo. Alikuwa na mchumba Eldoret, na kwa kanuni za kampuni laini ya nje ilipatikana kupitia kwangu peke yangu. Mimi niliyekuwa nikimuunganisha nilijua anavyoteseka. Nilimwambia tu kwamba anayekaa kwenye mashine ile asubuhi ya Jumanne hahitaji kuomba laini kwa mtu. Hakuuliza swali la pili. Na ili asiumie, nilimwahidi kumshikia kazi zake za kupanga faili kila Ijumaa jioni.

Meneja aliniita siku ya tatu. Alikuwa mtu wa Bungoma kama mimi, mwenye tai kila siku ya Mungu, na ulimi uliobadilishana l na r bila kuomba ruhusa. Sikumcheka, kwa maana nami nikikasirika hunitokea. Barua yangu ilikuwa mezani, pembeni yake kitabu cha masharti ya kazi.

"Mama, hii balua nimeisoma," akaanza. "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna.

"Nani amejifungua?"

Nikamwambia hakuna.

Akafungua kitabu, akapitisha kidole. "Ruhusa ya mwaka iko. Ya ugonjwa iko, lakini mgonjwa awe wewe. Ya uzazi iko. Ya mazishi iko. Hii yako haiko."

"Ndiyo maana nimeandika barua, bwana," nikasema. "Ingekuwa iko ningejaza fomu."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani hakuamua kama ni utovu wa adabu. Akaniuliza kwa nini baba wa mtoto asiende, nikamwonyesha mstari wa likizo za shule. Akaniuliza kwa nini kliniki isiwe Jumamosi, nikamwambia amuulize daktari wa serikali. Akauliza wakulima watafanya nini msimu wa kupanda, nikamwonyesha mstari mwingine. Nikaona anatafuta shimo na kila shimo lina kifuniko, na nilifurahi kuliko inavyofaa mtu anayeomba.

Mwishowe akasema jambo lililokuwa moyoni mwake. "Nikikupatia wewe, bana, kesho wote watapanga foleni hapo nje, kila mtu na mtoto wake."

"Bwana, hivi sasa wanapanga foleni na maiti," nikasema. "Mimi nimekuja na mtu aliye hai."

Nilijua nimevuka mstari, nikaanza kufikiria maneno ya kuomba msamaha. Lakini alichofanya ni kuvua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai, akasema atampelekea mkurugenzi, na kwamba nirudi kwenye simu kwa kuwa inalia.

Nilipewa mwezi mmoja wa majaribio. Barua ya kunijibu ilikuwa fupi na imejaa tahadhari: malalamiko ya mteja hata mmoja, na mpango ungefutwa.

Jumanne ya kwanza nilikuwa Bungoma na binti yangu, kwa hiyo yaliyotokea Kitale niliyapata kwa sekretari, ambaye aliyasimulia kwa juma zima, kila mara kwa urefu zaidi. Mapema asubuhi meneja alitoka na koti lake, akasema anaenda benki. Muda si mrefu simu ikaita. Mpigaji alisema yeye ni mkulima kutoka Saboti na anataka mbegu ya mahindi. Sauti ilikuwa nzito kupita kawaida, kama ya mtu anayezungumza kwenye mtungi. Nyuma yake zilisikika kelele za mtaa wetu wenyewe, pamoja na kipaza sauti cha yule muuza dawa za panya aliyekuwa akisimama kando ya kibanda cha simu, mkabala na lango letu. Na mkulima huyu alisema anatafuta "mbegu ya bei laisi", inayofaa "maeneo ya balidi".

Msichana yule, Mungu amzidishie, hakucheka. Alimjibu kwa adabu ambayo sisi wafanyakazi hatukuwahi kuisikia. Akamuuliza shamba lake liko upande wa chini au wa juu karibu na mlima, kwa sababu mbegu zinatofautiana. Mkulima akasema juu. Akamuuliza ukubwa wa shamba. Mkulima akasita, akasema kubwa. Akamuuliza mwaka jana alipanda nini na udongo wake ulipimwa lini. Huko kibandani watu walikuwa wanasubiri zamu, wengine wanalalamika. Mkulima akasema atapiga tena. Sekretari akasema hapana mzee, usihangaike, nakuunganisha na mtu wa mauzo sasa hivi. Akamuunganisha.

Mtu wetu wa mauzo hakuwahi kumwacha mteja. Kabla simu haijakatika, mkulima wa Saboti alikuwa ameahidi kufika ofisini Alhamisi na shemeji zake wawili, wenye mashamba jirani. Meneja aliporudi kutoka benki, mtu wa mauzo alimkimbilia kumweleza kuhusu mteja mkubwa aliyepatikana. Meneja akasema vizuri sana, akaingia ofisini kwake na kufunga mlango. Alhamisi mtu wa mauzo alivaa shati jipya akasubiri hadi jioni.

Hakuna aliyemwambia. Meneja hakuweza kulalamika kuhusu simu bila kusema nani alipiga, nasi hatukuweza kucheka bila kueleza kwa nini. Juma lile ofisi nzima ilikuwa na kikohozi.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini mtu anayehudhuria mazishi kuhakikisha maiti hawezi kutosheka na simu.

Usiku wa kuamkia Jumanne ya tatu tulilala Matulo kwa mama yangu, kama ilivyokuwa desturi yetu mpya, tukafika Bungoma kliniki ikifunguliwa. Chumba kilikuwa kimejaa. Tulikuwa akina mama na nyanya wengi, baba hakuna hata mmoja, na msaidizi wa daktari alikuwa hakuja. Nilikuwa mkekani nimempakata binti yangu nilipoona viatu vyeusi vilivyong'aa vikisimama mlangoni. Nikapandisha macho taratibu. Tai ilikuwa ile ya bluu yenye mistari.

Alikuwa amekuja Bungoma kwa shughuli za kampuni, alinieleza baadaye, na akaona apite. Alikuwa na sura ya mtu aliyekusudia kuchungulia na kuondoka. Hakumjua daktari yule. Daktari alikuwa amekaa miezi akiwaomba akina mama walete waume zao, na sasa mbele yake kasimama mwanamume mzima, mwenye mikono miwili, anamtazama mtoto wangu.

"Baba, karibu. Vua viatu," akasema. "Umechelewa, lakini si neno. Piga magoti hapa."

Meneja akanitazama. Ningeweza kumsaidia. Ningeweza kusema, daktari, huyu ni bosi wangu. Nikamsogezea nafasi kwenye mkeka.

Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni, nami nikageukia ukutani kwa heshima. Daktari akachukua mikono yake akaiweka kwenye nyonga za binti yangu, akamwambia ashike imara bila kubana, asiuinue mwili wa mtoto, aache mgongo ufanye kazi wenyewe. Meneja alishika kama mtu aliyepewa bakuli la supu ya moto. Binti yangu aliyumba kulia, akayumba kushoto, kisha akaona kitu kikining'inia mbele ya uso wake. Ile tai.

Daktari akaiona pia. Akasema iko vizuri sana, baba, ilegeze kidogo, irudi nyuma ili aifuate. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe: mtoto atamani kitu, anyooshe mkono, mgongo umfuate. Binti yangu alinyoosha mkono wa kulia, ule mbaya. Ngumi ilifunguka nusu. Ikakosa. Ikarudi tena. Meneja alikuwa anatoka jasho, na midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti. Chumba kizima cha akina mama kilikuwa kimeacha kazi kinatazama. Safari ya nne au ya tano vidole vilishika. Binti yangu alivuta kichwa cha meneja wa wafanyakazi mpaka kikafika usawa wa kichwa chake, akaiweka ncha ya tai mdomoni, na akatoa kile kicheko chake.

Sitasema kwamba meneja alilia, maana hakulia. Alisema tu, "Ana nguvu huyu," kwa sauti iliyobanwa na tai.

Nikamsaidia kujinasua. Daktari akamsifu, akamwambia aje kila wiki, na asimwachie mkewe kazi yote. Hapo ndipo nilipoeleza. Daktari alishika kichwa. Meneja akavaa viatu, akafunga kamba polepole, akampa binti yangu mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima. Tai yake ilikuwa imelowa hadi katikati.

Nilirudi Kitale nikiwa na hofu. Mchezo ni mchezo, lakini mtu uliyemwona soksi yake anaweza kukuchukia. Tulipokutana kesho yake kwenye veranda alisema maneno machache. Alisema ile kazi ni ya jasho. Akaniuliza kama naifanya kila asubuhi nyumbani, nikamwambia naam, ndiyo ile saa niliyoiomba. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Mwezi ulipoisha alinipa barua ya pili. Haikuwa na neno moja la huruma, na nadhani ndiyo sababu niliipenda. Ilikubali kila nilichoomba, ikaongeza masharti mawili ambayo sikuyaomba: mpango utazamwe upya kila nusu mwaka, na sekretari afundishwe mashine rasmi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba utaratibu huo umeonekana kuwa na faida kwa wateja wa Saboti. Niliusoma mstari huo mara nyingi. Mpaka leo sijui kama aliandika kwa unyofu au alikuwa anatukonyeza.

Foleni aliyoiogopa haikuja. Alikuja mtu mmoja, dereva wa lori, ambaye mkewe alikuwa anasafishwa figo na hakuwa na wa kumsindikiza. Hakuwa amemwambia mtu. Katika mazishi yote yale aliyotunga, ule ugonjwa wa kweli alikuwa ameuficha, kwa kuwa hakuona jina lake kwenye kitabu. Alinijia na karatasi tupu akaniomba nimwonyeshe inavyoandikwa. Nilimwambia aandike anachotaka, atakavyokilipa, na nani atashika usukani asipokuwepo, na asimpe mchungaji aisome.

Binti yangu aliendelea kwa mwendo wake, ambao haukuwa wa mtu mwingine. Fundi wa mbao wa Kibomet alimtengenezea kiti cha kona kwa mchoro wa daktari, chenye mgongo unaomkinga pande zote mbili na meza mbele, na humo akajifunza kushika kikombe cha masikio mawili. Siku aliyokunywa mwenyewe bila msaada alimeza funda la kwanza, na la pili akalitema usoni mwa baba yake, kwa makusudi, akamtazama kuona atafanya nini. Tulishangilia kama wendawazimu. Mwalimu wa watu alienda Saboti na uji kwenye kola.

Alipofika umri wa shule, alipata nafasi mjini kwetu, katika shule yenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na daktari wa viungo mpya naye alikuwa ameletwa Kitale na alikuwa akifika pale shuleni. Safari za Bungoma zikaisha. Sikutaka kuendelea kula saa zisizo zangu, kwa hiyo niliandika barua nyingine kurudisha asubuhi za Jumanne. Meneja aliishika akaigeuza upande wa pili, kana kwamba kuna maandishi mengine nyuma. Alisema katika miaka yake yote hajawahi kuona ruhusa ikirudishwa, na hajui itafailiwa wapi.

Jumanne iliyofuata nilifika saa tatu kamili, nikasaini kwenye kitabu cha lango, nikaenda kwenye mashine yangu. Sekretari alikuwa ameshakaa. Kucha zilikuwa zimekatwa fupi kwa ajili ya vitufe. Wakati huo alikuwa ameshaolewa na yule wa Eldoret, kwa hiyo haikuwa habari ya laini. Aliniambia kwa adabu kwamba Jumanne ni yake. Kuna wakulima wa Endebess na Kimilili wanaosubiri Jumanne kusudi waongee naye, na wakinisikia mimi watadhani kampuni imeharibika.

Nikamtazama meneja aliyekuwa anapita. Akajifanya anasoma gazeti.

Basi nikaenda kukaa kwenye kompyuta ya sekretari, nikafungua barua aliyokuwa ameiacha nusu, nikaanza kupiga chapa kwa vidole viwili. Ilikuwa ya mteja wa Webuye kuhusu dawa ya kupe. Nilimaliza kabla ya chai, yenye makosa saba, na hakuna aliyelalamika.